Kumbandikia mtoto programu moja: kinachofungwa na kisichofungwa

*Fundi, habari za kazi. Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Nikiwa napika huwa nampa simu aangalie katuni YouTube. Juzi nimerudi nikakuta amemtumia mkuu wangu wa kazi vois nne, na picha nyingi za harusi ya mdogo wangu amezifuta. Nimesikia kuna njia ya kuibana simu ibaki kwenye programu moja tu mpaka mwenyewe uifungue. Mimi natumia Samsung A14, baba yake ana iPhone. Nielekeze hatua kwa hatua, na uniambie ukweli kama inasaidia.*
*Mama wa mtoto mmoja, Dodoma*

Dada, pole sana. Tuanze na picha, maana hizo zina muda wake. Fungua Gallery ya Samsung, gusa mistari mitatu iliyo chini upande wa kulia, kisha uingie "Recycle bin" au "Trash", jina hutegemea lugha uliyoiweka. Kama alizifuta humo humo kwenye Gallery, picha hukaa hapo siku 30 kabla ya kupotea moja kwa moja. Zichague, gusa "Restore", zitarudi zilipokuwa. Fanya hivyo leo, haya mengine yatakusubiri.

Sasa tuje kwenye vois, kwa sababu ukielewa zilivyotoka utaelewa pia kwa nini njia uliyoisikia inasaidia na inaishia wapi. Mtoto wa umri huo hajui kutafuta WhatsApp, achilia mbali kumchagua mkuu wako kati ya majina yote uliyonayo. Ninavyoona mimi, ilikuwa hivi: anaangalia katuni, ujumbe wa mkuu unaingia, unashuka kutoka juu ya skrini kama kikaratasi. Kitu kimejitokeza na kinang'aa, anakigusa. WhatsApp inafunguka moja kwa moja kwenye mazungumzo ya mkuu. Pale chini kulia, mahali ambapo kidole gumba cha mtoto hukaa anaposhika simu kwa mikono miwili, pana alama ya maikrofoni. Akiibonyeza na kuishikilia inarekodi, akiachia inatuma. Mara nne. Hakukusudia lolote, na wala wewe hukukosea kitu isipokuwa kumpa simu ambayo milango yake yote ilikuwa wazi.

Hiyo njia uliyoisikia ipo kweli, na haihitaji kupakua chochote. Android imekuwa nayo tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014. Kwenye simu nyingi inaitwa "App pinning", kwenye matoleo ya zamani "Screen pinning", na kwenye Samsung yako "Pin app". Kwa Kiswahili tunasema kubandika programu, na kuitoa ni kuibandua. Ukishabandika, kitufe cha kurudi mwanzo hakifanyi kazi, kile cha programu za karibuni hakifanyi kazi, pazia la juu halivutiki, na ujumbe unaoingia haujitokezi kwenye skrini. Kile kikaratasi kilichomwita binti yako kisingeshuka kabisa. Kwa kisa chako, hilo peke yake lingetosha kuzuia vois zote nne.

Kuiwasha ni kazi ya mara moja. Ingia "Settings", kisha "Security and privacy", shuka hadi chini kwenye "More security settings", ambayo kwenye baadhi ya matoleo imeandikwa "Other security settings", na ndani yake utaona "Pin app". Kama njia hii haifanani na unachokiona, usihangaike: juu ya ukurasa wa "Settings" kuna alama ya kioo cha kutafutia, iguse, andika pin, na itakuja yenyewe. Ushauri huu wa kutafuta kwa neno nawapa hata wenye Tecno, Infinix na Itel, kwa sababu kila kampuni huificha sehemu yake.

Iwashe, lakini usitoke kwenye ukurasa huo. Chini yake kuna swichi ya pili, na wengi huiruka. Imeandikwa "Ask for PIN before unpinning". Kama simu yako inafunguliwa kwa mchoro, itataja mchoro badala ya PIN. Na kama simu haina ufunguo wowote, mara nyingi utaona "Lock device when unpinning", na ukiigusa itakutaka uweke ufunguo kwanza. Swichi hii ndiyo inayoamua kama umefunga mlango kwa kitasa au umeurudishia tu. Ikiwa imezimwa, yeyote anayejua ishara ya kubandua anatoka na kukuta simu yote iko wazi mbele yake. Ikiwa imewashwa, anayebandua anaangukia kwenye skrini iliyofungwa, na bila PIN haendi popote.

Hili nalisema kwa uchungu kidogo, maana lilinikuta. Nilimbandikia mpwa wangu mchezo wa kupaka rangi bila kuwasha swichi hiyo, nikiamini kwamba mtoto wa miaka minne hawezi kubuni ishara ya kutoka. Hakuhitaji kuibuni. Aliniona nikiifanya mara moja tu nilipotaka kuangalia saa, na safari iliyofuata akaifanya mwenyewe. Nilikuta ameshaondoa namba kadhaa kwenye orodha ya wateja wangu. Watoto wa umri huu wanaiga mwendo wa mkono kwa wepesi sana, na kwa sababu hiyo hiyo nakushauri ufunguo wa simu uwe PIN ya tarakimu, usiwe mchoro wa vidoti. Mchoro ni mwendo wa mkono, anauona na anaushika, tena huacha mstari wa mafuta ya kidole kwenye kioo. Mtoto ambaye hajui kusoma tarakimu, namba sita zinamshinda.

Sasa kubandika kwenyewe. Fungua programu unayotaka aitumie na uifikishe mahali unapotaka, yaani katuni iwe imeshaanza. Kisha fungua programu za karibuni: kama unatumia vitufe vitatu vya chini, gusa kile chenye vijistari vitatu, kama unatumia kutelezesha kidole, telezesha kutoka chini kwenda juu na usite katikati bila kuachia. Kadi za programu zitatokea. Juu ya kadi ya programu yako kuna alama yake ndogo. Gusa hiyo alama, si kadi yenyewe, maana ukigusa kadi unarudi tu kwenye programu. Itashuka menyu fupi yenye "Pin this app". Ukiigusa, simu itakuonyesha maelezo mafupi ya namna ya kutoka. Yasome hayo maelezo mwenyewe kabla hujampa mtoto simu, kwa sababu yanaeleza ishara ya simu yako hasa. Kama menyu inashuka lakini neno hilo halimo, sababu ya kwanza ya kuangalia ni kwamba ile swichi ya kwanza haijawashwa.

Kubandua ni hivi: kwenye simu ya vitufe, bonyeza kwa pamoja kitufe cha kurudi nyuma na kile cha programu za karibuni, ushikilie. Kwenye simu ya kutelezesha, telezesha kidole kutoka chini kwenda juu na ushikilie. Watu wengi huniletea simu wakisema imeganda, kumbe wanatelezesha haraka haraka bila kushikilia. Taratibu, kidole kibaki kwenye kioo, hesabu moja mbili. Ikishindikana kabisa, zima simu na uiwashe. Simu ikishawaka upya, ile programu haitakuwa imebandikwa tena, na utaombwa PIN kama kawaida. Jambo hilo ni zuri pia kwa upande wa mtoto: hata akiizima simu kwa bahati mbaya, haingii ndani, anaishia kwenye PIN. Kwa hali hiyo, simu isiyo na ufunguo wowote haifai kabisa kwa kazi hii.

Hapo ndipo maelezo mengi ya watu huishia, na mimi nataka tuendelee, kwa sababu umeniomba ukweli.

Kubandika hufunga njia ya kutoka. Hakufungi chochote kilichomo ndani. Ukimbandikia YouTube, amebaki na YouTube yote: kutafuta, video fupi zinazofuatana, matangazo, maoni ya watu, na ile orodha ya pembeni inayompeleka kutoka katuni ya sungura hadi vitu usivyovitaka, mguso mmoja baada ya mwingine. Ukimbandikia Gallery ili atazame picha za bibi, amebaki na kitufe cha kufuta, na picha za harusi zitakwenda tena vilevile. Ukimbandikia WhatsApp ili aongee na baba kwa video, mazungumzo yako yote yako mikononi mwake baba akishakata. Kwa hiyo swali la kwanza si namna ya kubandika. Ni kubandika nini.

Na kuna jambo la ndani zaidi ambalo watu hushangaa wakiliona. Kinachobandikwa kwa kweli si programu, ni ile kadi. Android huweka kurasa kwa mafungu, na kila kadi unayoiona kwenye programu za karibuni ni fungu moja. Simu ikibandika, inasema: hakuna fungu jipya litakalofunguliwa. Lakini programu iliyobandikwa inaruhusiwa kufungua kurasa nyingine ndani ya fungu lake lile lile, hata kama ukurasa huo ni wa programu nyingine. Ndiyo maana tangazo likiguswa, mara nyingine halifanyi kitu, na mara nyingine ukurasa wa tovuti unafunguka pale pale ndani. Ndiyo maana pia kitufe cha kushiriki picha kinaweza kukupeleka mahali ambapo hukutarajia wakati programu imebandikwa. Google wenyewe wameliandika onyo hili kwenye ukurasa wa kuwashia: kwamba programu iliyobandikwa inaweza kufungua programu nyingine, na taarifa zako binafsi zinaweza kuonekana. Wengi hulipita bila kulisoma. Mimi huwaambia wateja walichukue kama lilivyo: hiki ni kizuizi cha mtoto mdogo anayegusa ovyo, si kizuizi cha mtu mzima anayetafuta.

Kwa hiyo tuchukue jioni yako moja, nikuonyeshe ningeipanga vipi.

Unataka dakika arobaini za kupika. Badala ya YouTube ya mtandaoni, ningetafuta katuni nne au tano ambazo ni mafaili ya video yaliyomo kwenye simu yenyewe. Baba yake anaweza kukuhamishia kutoka kwenye kompyuta, au ukahifadhi zile unazotumiwa na ndugu. Ziweke kwenye folda yake peke yake. Zichezee kwa VLC, ambayo ni ya bure na haina matangazo. Angalizo moja: video ulizopakua ndani ya YouTube hukaa ndani ya YouTube tu, VLC haizioni, kwa hiyo usizitegemee kwa njia hii. Faida ya VLC ni kwamba hata mtoto akitoka kwenye katuni moja, anaangukia kwenye orodha ya video zilizomo kwenye simu. Kama kwenye simu hiyo kuna video usizotaka azione, zile za WhatsApp za magrupu kwa mfano, zihamishe au zifute kwanza, kwa sababu VLC huziorodhesha zote. Hapa ndipo wengi huteleza: wanaibana simu vizuri kabisa, halafu mtoto anakutana na video ya ajali iliyotumwa kwenye grupu la mtaa.

Kabla ya kubandika, zima data. Utaratibu huu una maana yake: ukishabandika, pazia la juu halivutiki, kwa hiyo wewe huwezi kuizima tena bila kubandua, lakini yeye pia hawezi kuiwasha. Data ikizimwa, matangazo hayaji, bando haliliki, na ukurasa wa tovuti hata ukifunguka hauna kitu. Kama husubiri simu ya mtu, weka kabisa hali ya ndege. Rekebisha sauti, maana vitufe vya sauti vilivyo pembeni huendelea kufanya kazi na ataviminya. Anzisha katuni, fungua programu za karibuni, gusa alama ya VLC, "Pin this app".

Halafu, kabla hujampa, keti dakika mbili uwe wewe mtoto. Gusa kila kona. Telezesha kutoka juu, kutoka pembeni, kutoka chini. Bonyeza kitufe cha pembeni, skrini izime, iwashe tena; ukifungua, unapaswa kurudi kwenye katuni ile ile. Bandua kwa ishara na uone kama simu inadai PIN. Kama inakupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwanzo, ile swichi ya pili haijakaa, rudi ukaiwashe. Jaribio hili lifanye pia kila simu inapopokea sasisho kubwa la mfumo, kwa sababu mipangilio huweza kuhama mahali na jina.

Kuhusu kitufe cha pembeni nina neno moja zaidi. Kwenye simu nyingi za sasa kuna huduma ya dharura inayowashwa kwa kukibonyeza mara tano mfululizo, na mtoto anayekichezea kama ngoma anaweza kuianzisha. Kubandika programu hakukuondolei hatari hiyo. Nenda "Settings", "Safety and emergency", uangalie "Emergency SOS" imewekwaje na inampigia nani. Sikuambii uizime, siku moja inaweza kukufaa. Nakuambia ujue iko katika hali gani.

Sasa suala la kupigiwa. Wakati programu imebandikwa, programu nyingine haziruhusiwi kujitokeza mbele. Kwa hiyo simu inaweza kuita na usione pa kupokelea mpaka ubandue, na simu za WhatsApp ndizo za kuangaliwa zaidi. Simu hazifanani katika hili, kwa hiyo usinisikilize mimi, jaribu: bandika, mwambie baba yake akupigie kwa laini, kisha kwa WhatsApp, na uone kinachotokea kwenye A14 yako. Kama kuna mgonjwa nyumbani au unasubiri simu ya kazi, simu hiyo isiwe ya katuni jioni hiyo.

Michezo nitaigusa kwa ufupi. Mchezo uliobandikwa bado unaweza kuuza vitu ndani yake. Kama akaunti yako ya Play Store imeunganishwa na kadi au pesa za simu, fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia "Settings", tafuta "Purchase verification", na uweke iombe uthibitisho kila mara. Kuna familia zimelipia almasi za mchezo bila kujua, na kubandika hakukuwasaidia kitu.

Utaniuliza kuhusu muda. Kubandika kwa Android hakuna saa ndani yake. Hakutakuambia dakika arobaini zimeisha. Kwa mtoto wako ningetumia urefu wa katuni zenyewe. Tano za dakika nane ni dakika arobaini, na zikiisha zimeisha, mradi VLC isiwe imewekwa irudie orodha tangu mwanzo. Nimeona kwa wateja wangu kwamba mtoto hukubali zaidi katuni ikiisha yenyewe kuliko simu ikinyang'anywa katikati ya wimbo.

Kwenye iPhone ya baba yake jambo hili ni imara zaidi, na kusema kweli, kama mna nafasi ya kuchagua, kwa katuni mpeni ile. Huko linaitwa "Guided Access", na limekuwepo tangu iOS 6 ya mwaka 2012. Aingie "Settings", "Accessibility", "Guided Access", aliwashe, kisha "Passcode Settings" na aweke namba ya siri ya kazi hii peke yake. Nasisitiza iwe tofauti na namba ya kufungulia simu, kwa sababu hii ataiandika mbele ya mtoto mara nyingi. Akitaka kuanza, anafungua programu, anabonyeza kitufe cha pembeni mara tatu haraka, au kile cha mwanzo kwa iPhone zenye kitufe cha duara, halafu "Start".

Uzuri wake uko kwenye neno "Options" linalotokea chini kabla ya kuanza. Hapo kuna "Touch". Ukiizima, kioo chote kinaacha kusikia vidole, na katuni inaendelea kama televisheni: hakuna kuruka, hakuna kugusa tangazo, hakuna chochote. Kwa mtoto wa miaka mitatu na nusu anayetazama tu, hilo ndilo jibu lililokamilika kuliko yote niliyokueleza hapa. Kuna pia "Time Limit", ambayo unaipa dakika zako arobaini, na zikiisha programu haitumiki tena mpaka namba iingizwe. Na kama mtoto anacheza mchezo na unataka kuzima kona moja tu, ile yenye kitufe cha kununua, unaichora kwa kidole kama duara kwenye skrini hiyo hiyo ya mwanzo, na kona hiyo inakufa wakati kwingine kunafanya kazi. Android ya kawaida haina kitu hicho. Kutoka ni kubonyeza mara tatu tena, namba, kisha "End".

Nimeacha la mwisho makusudi, kwa sababu wazazi hulikumbuka wakiwa wameshachelewa. Wakati unapika, wewe upo hatua tano na mtoto. Lakini siku utakayomwachia mtoto na simu kwa dada wa kazi au kwa bibi yake, huku programu imebandikwa na PIN unaijua wewe tu, simu hiyo haiwezi kumpigia mtu. Mtoto akianguka, bibi atakuwa na simu mkononi inayoimba nyimbo za katuni na hana namna ya kukufikia. Mwonyeshe ishara ya kubandua na mwache aifanye mwenyewe mbele yako mara mbili tatu. Kama hutaki kumpa PIN, mwonyeshe kwamba skrini iliyofungwa ina neno "Emergency call" upande wa chini, na kwamba hapo anaweza kupiga 112 bila PIN yoyote. Kisha gusa taarifa za dharura za simu yako, uandike humo namba yako ya pili na ya baba yake, ili azione na azipige kutoka hapo hapo.